Bila Kuvuta Rangi

Ukikaa kidogo katika saluni yoyote ya wanawake hapa Doha, utasikia mteja akiuliza kwa Kiarabu kama anaweza kupakwa sibgha biduni sahbi launi. Katika klabu yetu tuliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno: kupaka rangi bila kuvuta rangi. Mara ya kwanza tuliona ni sentensi inayojipinga yenyewe, mpaka tulipoelewa kwamba kuvuta rangi ndiko kule ambako mama zetu na dada zetu wanakuita kublichi. Yaani mteja anataka nywele zake nyeusi ziwe nyepesi, lakini hautaki ule unga mweupe au wa buluu unaokorogwa kwenye bakuli na kunusa hadi machozi yakutoke.

Je, inawezekana? Tulilazimika kulitafuta jibu kwa sababu ya mmoja wetu. Dada yake alikuwa anaolewa Maskati, na yeye alitaka kwenda harusini na nywele za rangi ya asali. Nywele zake ni nyeusi, za kipilipili, na alikuwa ameacha kutia dawa miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu ya kukata ncha zilizonyooka kidogo kidogo, mpaka kichwa kizima kikawa na mikunjo yake ya asili. Bibi yake, ambaye huzipaka mafuta ya nazi kila wanapoonana, alimwambia kwa simu kutoka Unguja: "Mjukuu wangu, hizo ulizihangaikia. Usije ukazichoma kwa siku moja ya harusi."

Alienda saluni mbili. Ya kwanza ikamwambia hakuna shida, kuna rangi inayoitwa hailifti, itamtoa asali moja kwa moja bila unga, na wakamwonyesha picha ya mteja aliyetoka hivyo. Ya pili ikamwambia kwa nywele zake bila unga haiwezekani kabisa. Alirudi kwetu amechanganyikiwa, na sisi tuliokuwa tunapanga makala ya toleo hili tukaacha mada tuliyokuwa nayo.

Mwenzetu mmoja anasoma kemia, kwa hiyo tulianza na yeye. Alituchorea unywele mmoja ubaoni. Nje kuna magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Ndani yake kuna chembe za melanini, na melanini ni za aina mbili: eumelanini, ambayo ni nyeusi au kahawia, na feomelanini, ambayo ni ya wekundu na manjano. Nywele zetu zimejaa ile ya kwanza. Ili nywele ziwe nyepesi, lazima kitu kiingie ndani na kuzivunja chembe hizo. Kitu hicho ni hidrojeni peroksaidi, ile ambayo wasusi wa hapa huiita oksijini. Peroksaidi peke yake ni mvivu. Inahitaji hali ya ualikali ili magamba yafunguke na yenyewe ichangamke.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Katika hailifti, ualikali unatoka kwenye amonia iliyomo ndani ya krimu ya rangi, nyingi kuliko katika rangi ya kawaida. Krimu ile ina rangi kidogo sana. Kazi yake kubwa ni kuinua, na rangi kidogo iliyomo inabaki ndani ya unywele kupunguza wekundu. Huchanganywa sehemu moja ya krimu kwa sehemu mbili za peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 12, wakati rangi ya kawaida huchukua sehemu moja kwa moja au moja kwa moja na nusu. Katika blichi, unga una chumvi ziitwazo pasulfeti, ambazo zinaisaidia peroksaidi kuvunja melanini kwa nguvu ambayo amonia haiifikii. Ndiyo maana blichi inaweza kufanya kazi kubwa hata kwa peroksaidi ya asilimia 6. Unga huo pia ndio unaojulikana kuwapa wasusi pumu ya kazini, kwa hiyo machozi yale si ya bure.

Wasusi hupima weusi wa nywele kwa ngazi, kutoka 1 ambayo ni nyeusi tititi hadi 10 ambayo ni kimanjano chepesi kabisa. Hailifti, ikitumiwa vizuri, inainua ngazi tatu hadi nne, na kwa bahati njema tano. Blichi inaweza kuinua saba na zaidi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo kiini cha jambo lote, na ndiyo ambayo saluni zote mbili hazikumfanyia mwenzetu.

Tulimpeleka kwa dada mmoja msusi, mzaliwa wa Mombasa, ambaye amefanya kazi hapa Doha miaka mingi na huwasuka wengi wetu nyumbani kwake siku za Ijumaa. Hakutaka kusikia habari za picha. Alimkalisha dirishani, akagawa nywele kwa kitana, akaweka kando ya mzizi kile kitabu cha vinyweleo vya mfano chenye namba.

"Wewe ni tatu, mdogo wangu," akasema. "Na hiyo asali mwaitaka ni nane. Kutoka tatu hadi nane ni tano. Hailifti katika nywele nene kama hizi yapanda tatu, yapanda nne, kisha yachoka. Ikichoka wabaki pale ilipokuacha, na pale ni pa rangi ya chungwa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu wengi hawaambiwi. Nywele nyeusi haziwi nyepesi kwa kupitia kijivu. Eumelanini inavunjika kwanza, na inayobaki ndiyo inayoonekana. Ngazi ya 4 inafunua wekundu, ya 5 na ya 6 wekundu wa machungwa, ya 7 machungwa yanayoelekea manjano, ya 8 manjano. Asali ni kahawia nyepesi iliyokaa juu ya manjano. Ukisimama ngazi ya 6 au 7 huwezi kuwa na asali, hata ukipaka nini juu yake, kwa sababu chini kuna chungwa. Unaweza kulituliza kwa rangi yenye ubaridi wa buluu, likawa kahawia ya mdalasini au ya shaba, lakini huwezi kuligeuza kuwa manjano bila kuendelea kuinua.

Basi tukaelewa kwamba hakuna saluni iliyosema uongo. Mteja wa kwenye picha, dada msusi alivyomtazama, alikuwa na nywele za kahawia za ngazi ya 5 hivi, kama walivyo wateja wengi kutoka Shamu. Tano kuongeza tatu ni nane, na asali ikatoka bila unga. Saluni ya pili nayo ilikuwa inajibu swali la mwenzetu na kichwa cha mwenzetu. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza: ukiondoa asali, je, uko tayari kwa rangi gani?

Lakini kabla ya kumuuliza hivyo, dada msusi alikuwa na maswali mengine, na hapa alikuwa mkali kuliko mkaguzi wa mitihani. Hailifti inaahidi kuinua nywele ambazo hazijaguswa. Madukani wameandika bikira hata kwenye mawigi, jambo ambalo lilituchekesha, lakini kwa msusi maana yake ni moja: ndani ya unywele kusiwe na rangi ya dukani, dawa ya kulainisha, wala blichi ya zamani. Rangi ya kupaka haiinui rangi ya kupaka. Peroksaidi na amonia zimepimwa kwa ajili ya melanini, na rangi ya boksi iliyokaa ndani ni molekuli nyingine kabisa. Matokeo yake mzizi unakuwa wa shaba na urefu unabaki mweusi. Na dawa ya kulainisha imekwisha kuvunja viunganishi vya ndani ya unywele, kwa hiyo kuongeza asilimia 12 juu yake ni kuutafutia sehemu ya kukatikia.

Na sisi wa Pwani tuna swali letu la ziada: hina. Katika kundi letu la watano, watatu tumepakwa hina kichwani tangu utotoni, na sote tulidhani nywele zetu hazijaguswa. Hina ni jani, tulisema. Kumbe rangi ya hina inashikamana na protini ya unywele na haitoki kwa hailifti. Utainua melanini, na wekundu wa hina utabaki pale pale, umeng'aa zaidi. Mbaya zaidi ni hina za pakiti zilizochanganywa chumvi za metali ili ziwe nyeusi au kahawia. Metali hizo zikikutana na peroksaidi, unywele unaweza kupata moto wenyewe mpaka ukayeyuka.

Kuna njia ya kujua, na tuliifanya kwa mwenzetu wa pili, ambaye hakuwa na hakika pakiti ya mama yake ilikuwa na nini. Unachukua mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6 katika gilasi ya kioo, unadondosha matone 20 ya maji ya amonia ya asilimia 28, kisha unatumbukiza kifungu kidogo cha nywele zilizokatwa na kukiacha kwa dakika 30. Unafanya hivyo mahali penye hewa na ukiwa na glavu. Nywele zisizo na metali zinakuwa nyepesi polepole. Zenye metali zinageuka rangi ghafla, au zinatoa mapovu na joto, na gilasi unaisikia mkononi. Zake zilibaki tulivu, zikawa nyekundu kama matofali. Ilikuwa hina tupu, haina hatari, lakini hailifti hapo haina kazi. Aliamua kuziacha.

Mwenzetu wa tatu aliondoka kwenye safari hii kwa sababu ya piko. Wasomaji mliokulia Unguja, Mombasa au Lamu mnaijua, ule wino mweusi unaochorwa kando ya hina mikononi mwa bibi harusi. Weusi wake unatokana na PPD, kemikali ya rangi za nywele ambayo haikukusudiwa kukaa kwenye ngozi. Yeye aliwahi kutoka malengelenge kufuata maua ya piko, jani kwa jani. Ngozi iliyokwisha kuikataa PPD hivyo huikumbuka, na mara nyingine huyakataa hata madawa ya rangi yaliyo jamaa zake. Hailifti, pamoja na kuwa nyepesi, bado ni rangi ya kudumu na inaweza kuwa na jamaa hao ndani. Na hapa kuna jambo lililotushangaza: kwa mtu kama yeye, unga wa blichi wenyewe hauna PPD. Hatari yake ni nyingine, ya pasulfeti, na tona inayopakwa baada ya blichi inaweza kuwa na jamaa wale wale. Kwa hiyo maneno bila kuvuta, ambayo kila mtu anayasikia kama usalama, kwake yeye yalikuwa na hatari kubwa zaidi. Dada msusi hakumgusa. Alimwambia aende kwanza kwa daktari wa ngozi.

Akabaki mwenzetu wa harusi. Nywele safi, bila hina, bila dawa. Alipakwa tone la mchanganyiko ndani ya kiwiko, akakaa saa 48 bila mwasho. Kisha tukafanya jaribio ambalo tungependa kila msomaji alione kwa macho yake.

Dada msusi alikata vifungu viwili nyuma ya sikio, kila kimoja unene wa njiti mbili tatu za kiberiti, akavifunga kwa uzi. Kwa mzani wa jikoni tulipima gramu 10 za hailifti yenye ubaridi na gramu 20 za peroksaidi ya asilimia 12. Bakuli la pili lilikuwa na gramu 10 za unga na gramu 20 za peroksaidi ya asilimia 6. Kila kifungu kikapakwa mpaka kikazama.

Dakika ya 20, kifungu cha hailifti kilikuwa kahawia yenye wekundu, na cha blichi kilikwisha kuwa chungwa. Dakika ya 35, hailifti ilikuwa nyekundu ya machungwa, na mwenzetu akakunja uso. "Tulia," akaambiwa, "haijamaliza." Katika hailifti kuinua kunatangulia na rangi ya kutuliza inakaa mwishoni, kwa hiyo anayeosha mapema kwa hofu hubaki na wekundu mtupu. Dakika ya 50 ilikuwa mdalasini. Tuliiacha sehemu ndogo hadi 60, ikawa ile ile. Ilikuwa imechoka, kama tulivyoahidiwa. Blichi, dakika ya 40, ilikuwa manjano ya embe dodo lililoiva, tayari kwa tona ya asali.

Kwa hiyo kwa rangi, blichi ilishinda. Lakini vifungu vilioshwa, vikakaushwa kwa upepo, maana nywele mbichi hudanganya kwa kuonekana nyeusi zaidi, kisha vikaloweshwa tena na kuvutwa kidogo kidogo. Cha hailifti kilinyooka kikarudi kama chemchemi. Cha blichi kilinyooka, kikarudi nusu, na mikunjo yake ilikuwa imelegea kama ya mtu mwingine. Hakikukatika. Msusi mwenyewe alisema kwa nywele zilizonyooka za asili asingekuwa na wasiwasi nacho. Ila mwenzetu alivishika vyote viwili kiganjani kwa muda mrefu, akaiweka chini asali.

Tunataka kuwa waangalifu hapa, kwa sababu tumesikia mara nyingi kwamba hailifti ni laini na blichi ni kali, na hivyo sivyo. Asilimia 12 yenye amonia nyingi, kwa dakika 50 juu ya ngozi ya kichwa, si maziwa. Kwa kupanda ngazi tatu, katika nywele safi, mara moja, hailifti kwa kawaida inaacha unywele na nguvu zaidi. Ukitaka tano na ukairudia mara mbili ili kukwepa unga, umepata hasara mbili: mara ya pili haiinui kama ya kwanza, kwa kuwa nywele si zile zisizoguswa tena, na umezichosha kuliko ambavyo blichi moja ya uangalifu ingezichosha. Dada msusi anasema wanaoharibikiwa zaidi ni hao wa mara mbili.

Siku yenyewe alikwenda bila kuosha kichwa, ili mafuta ya ngozi yamkinge. Tyubu mbili za gramu 60, peroksaidi mililita 240. Nywele ziligawanywa kwa mafungu manne, kisha kwa vipande vyembamba, kwa kuwa nywele za kipilipili hujificha zenyewe kwa zenyewe na pasipofikiwa hubaki madoa. Alianza kupaka sentimita mbili mbali na ngozi, akashuka hadi ncha. Mizizi iliachwa, maana joto la kichwa huharakisha kazi, na anayeanza na mizizi humaliza na kichwa chenye taji la chungwa. Baada ya dakika 25 alikoroga mchanganyiko mpya kwa ajili ya mizizi, huu akautilia peroksaidi ya asilimia 9, kwa huruma ya ngozi. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kitini moja kwa moja, akakizima. Krimu ikikauka inaacha kufanya kazi, na Doha watu hukaushwa na viyoyozi kuliko na jua. Kila baada ya muda alipitisha kidole kuona kama bado ni mbichi.

Ilitoka kati ya 6 na 7. Ndani ya nyumba ni kahawia tu. Mtu asiyemjua hawezi kugundua. Nje, saa kumi jioni pale Kornishi, ni mdalasini yenye cheche za shaba, na mikunjo iko yote. Harusini Maskati, kwa jinsi anavyosimulia, bibi alimshika kichwa, akavuta msokoto mmoja, akauachia uone kama utarudi. Ukarudi. Akasema rangi haimpendezi sana, lakini nywele zipo.

Sasa ni wiki ya saba tangu siku ile, na mizizi ya ngazi ya 3 imeonekana, sentimita mbili hivi. Dada msusi ameshamwambia kwamba safari hii itapakwa mizizi peke yake, na kwamba urefu usiguswe hata kwa bahati mbaya.